Ship na sheep: shajara ya majuma sita, Goma

Juma la 1, Jumanne

Nilikuja na orodha ya sauti saba. Nimerudi nyumbani na moja.

Orodha yenyewe mwalimu yeyote wa Kiingereza hapa mjini angeiandika usingizini: l na r, th na s, b na v, na nyingine za namna hiyo. Watu wangu ni tisa, wote wazima, tunakutana Jumanne na Ijumaa saa kumi na moja jioni katika chumba tulichoazimwa Katindo. Nilitaka kila sauti ipate juma lake. Ndipo Mama Neema, anayefanya kazi mapokezi katika nyumba moja ya wageni, akasimulia yaliyompata. Simu iliita, mtu akamuulizia mgeni fulani. Akajibu: *Yes, he is living here.* Aliyepiga akashukuru, akakata. Nusu saa baadaye dereva akafika mbio kumchukua mgeni ambaye hakuwa na safari yoyote. Kule upande wa pili lilisikika *leaving*, yaani anaondoka.

"Mwalimu, mi nilisema *living*," akaniambia. "Na ile ya kuondoka inasemwaka namna gani?"

Nikayatamka yote mawili. Akanikazia macho. "Lakini ni kitu moja!" Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Basi orodha nimeikunja. Tutafanya irabu mbili tu kwa majuma sita: ile ya *sheep* na ile ya *ship*. Ndiyo hiyohiyo inayotenga *leave* na *live*, *seat* na *sit*, *feel* na *fill*. Kiswahili kina irabu tano, na i yake ni moja. Kifaransa tulichosomea shuleni nacho hakitusaidii, maana i yake inakaribia sana hii yetu. Ndiyo sababu mtu aliyezoea kusema *six* kwa Kifaransa huivusha irabu hiyohiyo hadi *six* ya Kiingereza. Watu wangu wana lugha mbili au tatu vichwani, na wengi wao hakuna hata moja iliyowahi kuwalazimisha kuzitenga sauti hizi.

Juma la 1, Ijumaa

Sikio kwanza, mdomo baadaye. Asiyesikia tofauti hawezi kujua kama ameitoa.

Zoezi lilikuwa rahisi. Ninasema neno moja kati ya *ship* na *sheep*, mara 20, na kila mtu anaandika kwenye kaye yake 1 au 2. Mpangilio sikuuchagua mimi, kwa sababu mtu akichagua kichwani huwa anapokezanisha: moja, mbili, moja, mbili, na wanafunzi huunasa mchezo huo upesi. Nilirusha sarafu ya Rwanda, kwa kuwa franka zetu ni noti tupu.

Matokeo yakanifurahisha mno: 16, 17, 16, 18. Nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Kisha nikaona kwamba waliokaa nyuma kabisa, karibu na mlango, walikuwa na 10 na 11.

Bahati ndiye aliyenitoa gizani. "Mwalimu, ukisemaka *sheep* unachekaka."

Kweli. Irabu ya *sheep* hunyoosha midomo pembeni, kama mtu anayetabasamu. Wa mbele walikuwa wakinisoma uso. Nikaweka kaye mbele ya mdomo, tukarudia mara 20 nyingine. Safari hii watu wanane waliangukia kati ya 8 na 12. Kambale peke yake akapata 18.

Niliandika ubaoni jinsi ya kuzisoma alama hizi, kwa sababu kulikuwa na aliyefurahia 12 yake. Majibu yakiwa mawili tu, mtu anayebahatisha tangu mwanzo hadi mwisho atapata karibu 10 kati ya 20. Kupata 15 au zaidi kwa kubahatisha hutokea takriban mara 2 katika majaribio 100. Kwa hiyo mpaka wetu ni 15. Chini ya hapo sihesabu kwamba mtu amesikia.

Kambale simwelewi bado. Anauza vipuri vya pikipiki Birere, na Kiingereza chake si kizuri kuliko cha wenzake.

Juma la 2, Jumanne

Leo nimefundisha kosa, na nimelifundisha vizuri.

Nilifanya kama nilivyofundishwa mimi: irabu ya *sheep* ni ndefu, ya *ship* ni fupi. Vuta, kata. Vuta, kata. Chumba kizima kikawa kinavuta na kukata. Bahati, ambaye nyumbani kwao huongea Kinyarwanda, alilipata mara moja, kwani katika Kinyarwanda urefu wa irabu hubadilisha maana ya neno. *Seat* yake ilikuwa ndefu, *sit* yake fupi, safi kama imepimwa kwa rula.

Nikawarekodi kwenye simu, nikachanganya maneno, nikamtumia Mwingereza mmoja tunayefahamiana. Yeye hajui nani alikusudia neno gani. Anaandika tu alichosikia.

Juma la 2, Ijumaa

Majibu yamefika. Bahati alisema *sit* mara kumi na *seat* mara kumi. Mwingereza yule ameandika *seat* mara 19.

La kushangaza zaidi liko kwenye *bid*. Bahati aliikata irabu ile kwa bidii, na msikilizaji akaandika *beat*. Si tu kwamba hakusikia irabu niliyoitaka. Amesikia hata konsonanti nyingine mwishoni.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo vitabu vyangu vya kwanza vilinificha. Katika Kiingereza urefu wa irabu hutegemea pia konsonanti inayofuata. Mbele ya p, t na k irabu hufupishwa. Mbele ya b, d na g hurefuka. Kwa hiyo irabu ya *beat*, inayoitwa ndefu, hutamkwa kwa muda unaokaribiana na ule wa *bid*, inayoitwa fupi. Masikio ya Mwingereza yakikutana na i kama yetu, iliyokatwa ghafla, hayaambiwi "hii ni *bid*". Yanaambiwa "hii ni *beat*". Bahati alifuata agizo langu barabara, na agizo ndilo lililompoteza.

Kinachotenga sauti hizi hasa ni mahali ulimi ulipo. Mwaka 1952 Peterson na Barney walichapisha vipimo vya irabu za Wamarekani. Kilele cha kwanza cha mlio, ambacho hupanda kadiri kinywa kinavyofunguka, kwa wanaume kilikuwa wastani wa hezi 270 kwa irabu ya *heed*, 390 kwa *hid* na 530 kwa *head*. Tazama hiyo ya katikati: imekaa karibu nusu ya njia. Irabu ya *ship* si i yetu iliyokatwa. Ni ngazi iliyo kati ya i yetu na e yetu, ngazi ambayo Kiswahili kimeiruka.

Nimeifuta tablo nzima. Maneno "ndefu" na "fupi" yamepigwa marufuku darasani.

Juma la 3, Jumanne

Jozi tumeziacha kwa muda, tunatumia maneno matatumatatu: *seat, sit, set*. *Bead, bid, bed*. *Feel, fill, fell*. Ukimpa mtu jozi peke yake, anachojua ni kwamba lile la pili lazima liwe tofauti, ila hajui litofautiane kuelekea wapi. Ukimpa matatu, anaona ukuta wa juu na ukuta wa chini, naye anatafuta mlango katikati.

Njia iliyofanya kazi ni kuanzia chini. Mwanafunzi anasema "se" kama katika "sema", anaweka kidole chini ya kidevu, kisha anapandisha sauti polepole kuelekea "si" bila kukata pumzi. Kidevu kinapanda kidogo. Ninaponyoosha mkono anasimama palepale alipofika, anafunga na t. Wakianzia juu, kwenye i, hawashuki. I yetu ina sumaku. Wakianzia e wanapanda kwa urahisi.

Mama Neema amepita kiasi, *sit* yake imekuwa *set* kamili. Sikumrekebisha leo. Anayeanguka upande wa e angalau ameondoka kwenye i. Kumrudisha nusu hatua ni kazi ndogo kuliko kumng'oa.

Juma la 3, Ijumaa

Fumbo la Kambale limefunguka, na ningelifungua siku ya kwanza kama ningeuliza swali moja.

Ametoka Butembo, lugha ya mama ni Kinande. Kinande kina irabu saba, si tano: kuna i mbili na u mbili, moja ya juu na nyingine iliyolegea chini yake kidogo. Nilimwomba maneno mawili. Akanipa kitenzi cha kulima, halafu kitenzi cha kuangamiza. Kwenye kaye yake ameviandika vyote *erilima*. Mdomoni ni vitu viwili, naye anashangaa kwamba sisi hatusikii.

"Sasa *ship* njo ile ya kulima," akasema, "na *sheep* njo ile ya kumaliza watu."

Amejifundisha mwenyewe kwa sentensi moja. Kesho nikipata Mnande mwingine sitampeleka kwenye ngazi wala kidole cha kidevu; nitamuuliza analimaje. Hii haiwafai Bahati na wenzake, ambao kwao vitenzi vile vya Kambale ni kitu kimoja, sawa na *living* na *leaving*. Lakini inanikumbusha kwamba "wanafunzi wanaosema Kiswahili" ni jina tu la mlango wa chumba. Ndani kuna Kinande, Kinyarwanda, Mashi, Kihunde, na kila moja imelitengeneza sikio kivyake.

Kambale sasa ndiye mrusha sarafu na mmoja wa wasemaji. Hilo nalihitaji, kwani sauti yangu peke yangu haitoshi. Logan, Lively na Pisoni walionyesha mwaka 1991, kwa Wajapani na tatizo lao la r na l, kwamba mazoezi yenye wasemaji kadhaa na maneno mengi yanaweza kulifunza sikio. Mwanafunzi anayesikia msemaji mmoja hujifunza yule mtu. Nimeongeza sauti za kamusi za mtandaoni, zile za kitufe cha spika, mwanamume na mwanamke.

Juma la 4, Jumanne

Umeme umekatika, mvua juu ya mabati. Hakuna kilichosikika. Tumekunywa chai.

Juma la 4, Ijumaa

Nilimtumia Mwingereza rekodi mpya. Maneno yenye t mwishoni yamepanda vizuri sana. *Ship*, neno lililolipa darasa jina, limebaki chini: mara nyingi bado ameandika *sheep*. Nilizisikiliza rekodi zile usiku mara nyingi mno, mke wangu akaniuliza nimefungua zizi.

Nikasikia. Hawasemi *ship*. Wanasema "shipi".

Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, na mdomo wetu hauridhiki kuliacha neno mlangoni na konsonanti. Hilo kila mwalimu analijua, na mimi nilikuwa nimelichukulia kama suala la lafudhi tu, la kushughulikia siku nyingine. Kumbe linavuruga irabu yenyewe. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na huirefusha. Mara tu *ship* inapopata i ya mkiani, "shi" inakuwa ya pili kutoka mwisho. Inabebeshwa mkazo, inavutwa, na ikivutwa inarudi kwenye i yetu kamili. Ile i ya mwisho nayo inaivuta juu kama ndugu anayemwita nduguye. Hivyo mtu anayejitahidi kusema *ship* anatoa "shiipi", na msikilizaji anawaona kondoo.

Mikopo ya Kiswahili inaonyesha njia ileile. Kiingereza kilitupa *team* chenye irabu ya *sheep*, na *pin* chenye irabu ya *ship*. Tukavifanya "timu" na "pini", na i zake sasa ni pacha. (Wengi wetu huku Goma husema ekipe, lakini timu tunaijua redioni.)

Juma la 5, Jumanne

Siku ya kufunga midomo. Kwa *ship*: fika kwenye p, fungia hapo, usifungue. Nahesabu moja, mbili, ndipo unapumua kwa pua. Waingereza wenyewe mara nyingi hawaifungui p ya mwisho, kwa hiyo hatuwafundishi jambo la ajabu. Kwa *sit*, ncha ya ulimi inabaki juu. Kwa *live*, meno yanabaki yamekalia mdomo wa chini. Mara ya kwanza chumba kilicheka, watu wazima tisa wamefumba midomo kama waliokatazwa kusema.

Ukaguzi ni kiganja mbele ya mdomo. Ukisema "shipi" unahisi pumzi mbili, ya sh na ya pi. Ukisema *ship* na kufunga, ni moja tu.

Njia ya pili ni kumpa huyo p mahali pa kwenda. *Ship is*: tunaitamka "shi-pis", na p inakuwa mwanzo wa silabi inayofuata, jambo ambalo Kiswahili kinalipenda. *Fill it* inakuwa "fi-lit". *Live in Goma* ni "li-vin Goma". Hakuna haja ya irabu ya mkiani, kwa kuwa irabu halisi imeshakuja. Bahati aliipata hii upesi kuliko ile ya kufunga, nami naamini ndiyo yenye faida, kwani hakuna anayesimama njiani kusema *ship* peke yake.

Juma la 5, Ijumaa

Vitanza ndimi, hatimaye. Wamekuwa wakividai tangu juma la kwanza, na nimekuwa nikivizuia kwa makusudi. Kitanza ndimi kinakimbiza, na mdomo unaokimbizwa hurudi kwenye sauti uliyozaliwa nayo. Ukikileta mapema, unamzoesha mwanafunzi kosa lake kwa kasi.

Nimetunga viwili:

*Dean did dip it deep.*

*Six cheap chips fit each fish dish.*

Cha kwanza kina mpango: *Dean* na *deep* ziko miishoni na irabu ya *sheep*, katikati zote tatu ni irabu ya *ship*. Ni kama kupanda mlimani pande mbili na bonde katikati. *Dip it* inasomwa "di-pit". Cha pili ni kigumu zaidi, kwa sababu *cheap* na *chips* zimekaa bega kwa bega, na ch na sh zinagombana na ulimi hapohapo.

Masharti: mara ya kwanza ni kwa mwendo wa makofi, neno moja kwa kofi moja. Mwenzako anasikiliza irabu tu. Akisikia i moja mahali pasipo pake, anagonga meza, unarudi mwanzo. Ukipita mara tatu mfululizo bila kugongwa, unaongeza mwendo kidogo. Kigezo si haraka ya mshindani. Ni mwendo ambao irabu zote bado ziko hai. Bahati amefika mwendo wa kuongea. Kijana mmoja alikimbia kama tangazo la redio na kila neno likawa la i moja, "siksi chipu chipsi". Aligongewa meza hadi akaketi mwenyewe.

Juma la 6, Ijumaa

Jaribio la mwisho la sikio: maneno 20 ambayo hatukuyafanyia mazoezi, sauti tatu, moja ambayo hawajawahi kuisikia, mdomo haumo. Watu saba wamevuka 15. Wawili hawakuvuka, mmoja wao alikosa vipindi vinne, wa pili hakukosa hata kimoja na amepata 12. Huyo nitaendelea naye kwa maneno matatumatatu, bila vitanza ndimi kabisa.

Kwa kutamka, Mwingereza amesikia sawasawa maneno 16 kati ya 20 ya Mama Neema. Mwanzoni yote yalikuwa upande mmoja. Bahati ana 17. Hizi ni rekodi za maneno yaliyosomwa taratibu kwenye karatasi. Walipokuwa wakipiga soga baadaye nilisikia "shipi" mbili nikanyamaza.

Nimejiuliza pia ni nani hasa anayehitaji haya. Wafanyabiashara wanaovuka mpaka kuongea na Waganda na Wakenya hawahitaji sana: kule nako wengi huzitamka irabu hizi mbili kwa namna moja, na sentensi hueleza yenyewe nani ni kondoo na ipi ni meli. Shida inauma kwa mgeni wa mbali, kwenye simu, neno likiwa halina wenzake wa kulisaidia.

Nilimuuliza Mama Neema kama mapokezi yametulia.

"Yametulia, mwalimu. Lakini *living* siisemaki tena kwenye telefone."

"Unasemaje?"

"*He is staying here.*"

Jumanne tunaanza *fifteen* na *fifty*. Kambale amerudishiwa dola pungufu.